Kamisheni ya mwezi haikai sawa: kusoma dalili kabla wauzaji hawajaona hesabu zao

Ripoti ya kamisheni ikiharibika, swali la kwanza la kujiuliza ni nani kosa limemgusa. Likiwagusa wauzaji wote kwa kadiri ileile, tafuta kwenye kiasi cha mauzo kinachopigiwa hesabu. Likimgusa mmoja, tafuta kwenye kanuni ya kiwango chake au namba yake ya kazi. Likigusa siku fulani tu, ni tarehe. Ukianza na swali hilo hutahitaji kupitia oda mia tatu moja baada ya nyingine usiku wa kuamkia siku ya mshahara.

Mfano nitakaoutumia ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, ripoti ya Mei 2025. Wauzaji wanajulikana kwa namba. M01 yuko kaunta, M02 anashika njia ya Gede na Watamu, M03 njia ya Mambrui, Gongoni mpaka Marereni. Hesabu nimezifanya nyepesi ili uweze kuzifuata kwa kalamu.

Kazi yenyewe iko kwenye shiti mbili. Shiti ya `Oda` ina tarehe (safu A), namba ya oda (B), muuzaji (C) na kiasi bila VAT (D). Shiti ya `Viwango` ina muuzaji (A), kanuni inaanza lini (B), inakwisha lini (C) na kiwango chenyewe (D). Fomula zilizo hapa chini zinafanya kazi kwenye Excel na Google Sheets.

Wote wamepanda, au wote wameshuka, kwa kadiri moja

Gawanya kamisheni ya ripoti kwa ile uliyoitarajia, muuzaji mmoja mmoja. Ukipata 1.16 kwa kila mtu, mfumo umekutolea oda zikiwa na VAT ndani, na wauzaji wanalipwa kamisheni juu ya pesa za KRA. Ukipata karibu 0.974 kwa kila mtu, kuna aliyejaribu kuondoa VAT kwa kuzidisha na 0.84.

Hili la pili linawapata hata watu wazoefu. VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei ya kabla ya kodi, kwa hiyo huondolewa kwa kugawanya. Ankara ya shilingi 116,000 ukiigawanya kwa 1.16 unapata 100,000. Ukiizidisha na 0.84 unapata 97,440, na muuzaji amepotezewa mauzo ya shilingi 2,560 kwenye ankara moja. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba hakuna atakayeinuka kulalamika, na kwa sababu hiyo inaweza kukaa kwenye shiti miaka. Lakini kama mfumo wako unatoa safu ya kiasi kabla ya VAT, chukua hiyo moja kwa moja uache kugawanya, kwa kuwa kuna bidhaa zisizotozwa VAT na kuzigawanya kwa 1.16 ni kosa jingine.

Mmoja amepanda kuliko kawaida, wenzake wako sawa

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo pesa nyingi hupotea na ndipo maneno mabaya huanzia.

M02 ameuza shilingi 840,000 bila VAT mwezi wa Mei. Kati ya hizo, 360,000 ni za tarehe 1 mpaka 14, na 480,000 ni za tarehe 15 mpaka 31. Kiwango chake kilikuwa asilimia 2, na kuanzia tarehe 15 Mei meneja alimpandishia mpaka asilimia 2.5. Hesabu sahihi ni 7,200 ya nusu ya kwanza na 12,000 ya nusu ya pili, jumla 19,200. Ripoti inasema 28,800.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Ziada ni 9,600. Igawanye kwa kiwango cha zamani, 0.02, unapata 480,000, ambayo ni mauzo yake yote ya kuanzia tarehe 15. Namba ikitua vile bila kubaki senti, umeshajua kilichotokea: oda za nusu ya pili zimelipwa kwa kiwango kipya na cha zamani kwa pamoja, yaani asilimia 4.5. Ukifungua shiti ya `Viwango` utaikuta mistari miwili ya M02. Mmoja unaanza Januari 2024 na mwisho wake umeandikwa 31/12/2099, mwingine unaanza 15/05/2025. Karani aliongeza mstari mpya lakini hakuufunga wa zamani tarehe 14 Mei.

Kosa hilihili hujionyesha kwa sura tatu kutegemea kifaa ulichotumia, na ndiyo maana huwachanganya watu. Ukitafuta kiwango kwa `SUMIFS`, viwango viwili vinajumlishwa na unapata 4.5. Ukiunganisha oda na viwango kwenye hifadhidata, kila oda ya nusu ya pili inatokea mara mbili, na mauzo ya M02 yanasomeka 1,320,000 badala ya 840,000. Ukitumia `XLOOKUP` ya muuzaji peke yake, inachukua mstari wa kwanza inaoukuta na kunyamaza. M02 analipwa asilimia 2 mwezi mzima, anapata 16,800, na nyongeza aliyoahidiwa haimfikii. Sura hii ya tatu naiogopa kuliko zote, kwa sababu haina kelele yoyote. Ripoti inaonekana safi, na mwenye kuumia ni muuzaji ambaye pengine ataona haya kuuliza.

Dawa ni kuhesabu, kwa kila oda, kanuni ngapi zinaihusu. Weka safu ya E:

```
=COUNTIFS(Viwango!$A:$A,$C2,Viwango!$B:$B,"<="&INT($A2),Viwango!$C:$C,">="&INT($A2))
```

Jibu linalokubalika ni 1 tu. Sifuri maana yake oda haina kanuni, mbili maana yake kanuni zimepandana. Kisha kiwango, safu ya F, kitolewe pale tu jibu likiwa 1:

```
=IF($E2=1,SUMIFS(Viwango!$D:$D,Viwango!$A:$A,$C2,Viwango!$B:$B,"<="&INT($A2),Viwango!$C:$C,">="&INT($A2)),NA())
```

Ile `NA()` mwishoni nimeiweka makusudi. Oda moja ikiwa na walakini, seli yake inaandika `#N/A`, na jumla ya kamisheni inaandika `#N/A` pia. Ripoti inakataa kutoka. Kuna wanaoona hiyo ni aibu wakaifunika kwa `IFERROR(...,0)` ili ukurasa upendeze. Nawasihi msifanye hivyo. Sifuri iliyowekwa kwa mkono haiwezi kutofautishwa na sifuri ya kweli, na oda iliyokosa kanuni itapita mbele ya macho ya meneja bila yeyote kujua.

Oda zinaandika sifuri kwenye hesabu ya kanuni

Tazama kwanza namba ya muuzaji. Fomula hizi hazijali herufi kubwa au ndogo, lakini nafasi iliyobaki nyuma ya neno zinaijali, kwa hiyo `M02` yenye nafasi mwishoni ni mtu mwingine kabisa. Herufi O iliyoandikwa pahali pa sifuri nayo ni mtu mwingine. `TRIM` huondoa nafasi za kawaida. Data iliyonakiliwa kutoka kwenye kivinjari mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine ambayo `TRIM` haiigusi, na hiyo unaiondoa kwa `SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),"")`.

Kama namba iko sawa, tazama mwisho wa kanuni. Seli ya "inakwisha lini" ikiachwa tupu kwa maana ya "haina mwisho", `COUNTIFS` haiisomi hivyo. Seli tupu haihesabiwi kuwa kubwa kuliko tarehe yoyote, na kanuni hiyo haitampata mtu. Andika tarehe ya mbali, kama ile 31/12/2099, kwenye kila kanuni iliyo hai.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke `INT` kwenye fomula. Mifumo mingi ya oda huandika tarehe pamoja na saa. Kanuni ya zamani ya M02 ikifungwa tarehe 14/05/2025, kompyuta inaielewa kuwa imefungwa siku hiyo ilipoanza tu, usiku wa manane. Oda ya tarehe 14 saa nne asubuhi iko baada ya hapo, na kanuni mpya bado haijaanza. Matokeo yake oda zote za siku ya mwisho ya kiwango cha zamani zinabaki yatima. `INT` inaikata saa na kuacha siku.

Siku za mwanzo au mwisho wa mwezi zimepotea

Dada wa watu anakuja na daftari lake: "Mhasibu, oda yangu ya tarehe 31 ya ile hoteli haipo." Mara nyingi yuko sahihi. Chujio likisema tarehe iwe ndogo au sawa na 31/05/2025, kila oda ya tarehe 31 yenye saa inaachwa nje kwa sababu ileile niliyoeleza sasa hivi. Sema badala yake kubwa au sawa na 01/05/2025, na ndogo kuliko 01/06/2025.

Kama zilizopotea ni za tarehe 1, na za tarehe 1 ya mwezi unaofuata zimeingia kwako, huo ni mkanganyiko wa saa. Mifumo ya mtandaoni huhifadhi muda kwa saa ya kimataifa, nasi Kenya tuko saa 3 mbele. Mfumo ukiweka oda kwa tarehe bila saa, tarehe 1 usiku wa manane ya kwetu inahifadhiwa kama saa tatu usiku ya siku iliyotangulia, na oda za siku nzima zinahamia mwezi wa nyuma. Ongeza `3/24` kwenye tarehe kabla ya kuchuja. Mei ni mwezi mbaya wa kulipimia kosa hili, kwa sababu tarehe 1 Mei ni Sikukuu ya Wafanyakazi na tarehe 1 Juni ni Madaraka. Maduka mengi hufungwa, oda ni chache, na kosa linapita kimya mpaka Julai.

Dalili mbaya zaidi ni pale Mei nzima inapobaki na oda za tarehe 5 peke yake. Hapo kompyuta imesoma mwezi mbele ya siku. Tarehe 03/05 imekuwa 5 Machi, 04/05 imekuwa 5 Aprili, 05/05 imesalimika, na kuanzia 13/05 zimekuwa maandishi tu kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Utazitambua kwa kuwa zimeegemea kushoto mwa seli. Usizirekebishe moja moja. Toa data upya kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku.

Mwenye viwango vya ngazi anapata namba isiyoeleweka

M03 ana makubaliano ya ngazi: asilimia 2 kwa shilingi 300,000 za kwanza, asilimia 3 kutoka hapo mpaka 600,000, na asilimia 4 kwa kinachozidi. Ameuza 700,000. Nimeona mauzo ya namna hii yakitoa kamisheni tatu tofauti kwa watu watatu walioketi meza moja.

Wa kwanza akapata 14,000, kwa sababu alipima ngazi kwa kila oda, na hakuna oda moja ya M03 iliyofika 300,000. Ukiona hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kutoka ngazi ya chini, kosa ni hilo. Wa pili akapata 28,000, kwa kuzidisha 700,000 zote na asilimia 4. Wa tatu akapata 19,000: 6,000 ya ngazi ya kwanza, 9,000 ya pili, 4,000 ya tatu.

```
=MIN(B2,300000)*2%+MAX(0,MIN(B2,600000)-300000)*3%+MAX(0,B2-600000)*4%
```

Hapa B2 ni jumla ya mauzo ya M03 kwa mwezi, bila VAT. Kwa maneno ya makubaliano yake, 19,000 ndiyo sahihi. Lakini makubaliano mengine husema kweli kwamba ukivuka mstari, mauzo yako yote yanalipwa kwa kiwango cha juu, kwa hiyo soma barua ya mtu kabla ya kuchagua fomula. Kama barua haisemi wazi, muulize meneja na umwombe aandike jibu. Ukiamua mwenyewe, mwezi ujao mwingine ataamua vingine.

Kupima fomula iliyopo, ipe mauzo ya 599,000 kisha 601,000. Kwa hesabu ya kila ngazi peke yake kamisheni inatoka 14,970 kwenda 15,040, ongezeko la shilingi 70. Kwa hesabu ya yote juu inaruka kutoka 17,970 mpaka 24,040. Mruko wa shilingi 6,070 kwa mauzo ya 2,000 unaeleza pia kwa nini baadhi ya oda husukumwa kuingia mwezi fulani. Ukiwa na makubaliano ya aina hiyo, zikague kwa jicho kali oda za siku mbili za mwisho wa mwezi na zilizorudishwa siku mbili za mwanzo wa mwezi unaofuata.

Bidhaa zimerudishwa na kamisheni imekatwa zaidi ya iliyotolewa

Tarehe 10 Mei M02 aliuza mabati ya 40,000 akaandikiwa kamisheni ya asilimia 2, shilingi 800. Mteja akayarudisha tarehe 20, krediti noti ikaandikwa siku hiyo. Shiti ikasoma tarehe 20, ikachukua asilimia 2.5, ikamkata 1,000. Amenyang'anywa 200 ambazo hakupewa kamwe.

Mstari wa kurudisha unahitaji tarehe mbili. Tarehe ya oda ya asili ndiyo inayochagua kiwango, na hiyo ndiyo ikae kwenye safu A. Tarehe ya krediti noti ndiyo inayochagua mwezi wa kukata, nayo iwe na safu yake na ndiyo uichuje unapotoa data ya mwezi. Kwa oda za kawaida tarehe hizo mbili ni moja. Kama krediti noti haitaji namba ya ankara ya asili, irudishe kwa aliyeiandika kabla ya kuigusa.

Ukaguzi kabla ya kuwaonyesha

Jumla ya mauzo kwenye ripoti ilingane, kwa shilingi, na jumla inayotolewa na mfumo wa oda wenyewe kwa mwezi huohuo. Chukua namba hiyo kwenye skrini ya mfumo na uiandike kwa mkono. Usiichukue kwenye shiti yako, kwa sababu shiti haiwezi kujikagua. Halafu hii hapa iwe sifuri:

```
=SUMIFS(Oda!$D:$D,Oda!$E:$E,1)-SUM(Oda!$D:$D)
```

Tofauti ya shilingi mbili tatu kwenye kamisheni, mauzo yakiwa sawa, husababishwa na kukata senti kwa kila oda badala ya kwenye jumla. Chagua njia moja uishike.

Jumla kulingana hakutoshi, kwa kuwa oda ya M02 ikiandikwa kwa M01 jumla ya duka haibadiliki. Hutokea sana mteja wa Watamu anapokuja mwenyewe kaunta. Kwa hiyo chagua oda tatu za kila muuzaji uzipige kwa kalamu kutoka ankara yenyewe: iliyo kubwa kuliko zote, moja iliyorudishwa, na moja ya karibu na siku kiwango kilipobadilika. Tatu hizo zinapita kwenye karibu kila kosa nililolitaja.

Kulinganisha na mwezi uliopita kunasaidia, ila kwa busara. Wakati wa masika hoteli nyingi za ufuoni hufunga au kupunguza wageni na kufanya ukarabati, hivyo njia ya Watamu ikipanda kwa rangi na saruji mwezi wa Mei si ajabu. Linganisha na Mei ya mwaka uliotangulia. Na hata hapo, tofauti kubwa inakupa sababu ya kwenda kutazama, haikupi ruhusa ya kusahihisha.

Aliyetengeneza ripoti asiwe yeye anayeipitisha. Ikishapitishwa, geuza fomula kuwa namba tupu, hifadhi nakala iliyofungwa, kisha mpe kila mtu karatasi yake ya PDF yenye namba ya oda, tarehe, kiasi bila VAT, kiwango na kamisheni, mstari kwa mstari. Usitume shiti nzima ukiwa umeficha za wengine. Shiti iliyofichwa hufunuliwa kwa kubofya mara chache tu, na jedwali la muhtasari, hata likionyesha mtu mmoja, kwa kawaida hubeba data ya wote ndani yake. Hesabu ya mtu ni yake.

Oda itakayogunduliwa baada ya hapo haifungui Mei tena. Inaingia ripoti ya Juni kama mstari wa marekebisho, ikiwa na tarehe yake ya Mei kwenye safu A ili kiwango cha wakati ule ndicho kitumike, na mwenyewe anaambiwa siku hiyohiyo itamfikia kwenye mshahara gani.